Asilimia 20 iliyogeuka 30,400 kwenye kaunta ya dawa

Kijana wa famasi pale Mwanjelwa aliniamkia, akapokea kadi yangu ya bima, akaangalia kompyuta yake, kisha akasema, “Mwalimu, kadi imekubali, ila kuna kuchangia. Yako ni shilingi 30,400.”

Wenzangu waliostaafu serikalini wanaendelea na kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mimi nilifundisha hisabati shule binafsi, kwa hiyo bima yangu ni ya kampuni na kila mwaka naihuisha kwa fedha zangu. Miaka yote nilichukua dawa nikasaini nikaondoka. Mwaka huu nilikuwa nimetimiza 60, na kwenye karatasi ya masharti maalumu iliyobanwa nyuma ya mkataba mpya kulikuwa na mstari mmoja: mwanachama wa miaka 60 na kuendelea atachangia asilimia 20 ya gharama za dawa za wagonjwa wa nje. Kipeperushi chenye rangi hakikuutaja. Kwa hiyo ukihuisha, anza na jedwali la mafao na hizo karatasi za nyuma, hasa mwaka unaovuka umri fulani.

Lakini hesabu haikukaa sawa. Dawa zangu za mwezi, mbili za presha, moja ya kisukari na moja ya lehemu, zilikuwa 84,000. Asilimia 20 ya 84,000 ni 16,800. Hiyo 30,400 imetoka wapi? Nikamwomba anichapie mchanganuo, dawa moja moja. Mtu yeyote anaweza kuuomba, hata kama foleni nyuma yako inaguna.

Kumbe daktari aliandika dawa ya lehemu kwa jina la kibiashara la kampuni moja, na hiyo inauzwa 42,000. Bima yangu ina bei yake ya juu kwa kila dawa, na kwa hiyo inatambua 25,000 tu. Ile 17,000 iliyozidi ni ya mgonjwa yote. Zikabaki 67,000 zinazotambuliwa, na asilimia 20 yake ni 13,400. Jumlisha na 17,000, unapata 30,400. Kijana hakuniibia hata senti. Ila kuchangia ni kitu kimoja na bei kuzidi ni kitu kingine, na kwenye risiti ya kawaida vyote viwili huandikwa kama deni moja.

Kuchangia huwezi kukukwepa, kumo kwenye mkataba. Bei kuzidi unaweza. Kijana alimpigia daktari simu, naye akakubali nipewe dawa ileile ya kampuni nyingine, kwa 25,000. Cha kutazama kwenye boksi ni jina la dawa yenyewe, lile lililoandikwa dogo chini ya jina la biashara, pamoja na miligramu. Vyote vilingane na ulichozoea. Usibadilishe mwenyewe bila daktari kujua, maana kuna dawa, kama baadhi za kifafa, ambazo madaktari hawapendi kuzibadilisha kutoka kampuni moja hadi nyingine. Nililipa 13,400.

Kabla ya kusaini fomu ya madai, soma kiasi kilichoandikwa. Yangu ilipaswa kusoma 53,600, yaani 67,000 toa nilicholipa. Ikisoma 67,000, duka litalipwa sehemu yako mara mbili, na kikomo chako cha mwaka kitaliwa haraka kuliko inavyostahili. Fomu tupu usisaini kabisa, hata kwa duka unalolijua.

Uliza pia kama mkataba wako unahesabu kwa asilimia au kwa kiasi maalumu kila unapochukua dawa. Kwa asilimia, kuchukua za mwezi mmoja au miwili hakubadilishi kitu. Kwa kiasi maalumu, kuchukua za miezi miwili kwa mpigo kunakupunguzia nusu, daktari na bima wakiruhusu.

Ukiona ulichotozwa hakilingani na mkataba, andikia kampuni kwanza, ubaki na nakala. Wakikukatalia, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Nilipolalamika, wakala wangu alinipa mpango usio na kuchangia, ada ikipanda kwa 240,000 kwa mwaka. Nikachukua kalamu. Kwa 13,400 kila mwezi nachangia 160,800 kwa mwaka, kwa hiyo nimebaki nilipo. Mpango ule ungenifaa kama dawa zangu zingevuka 100,000 kwa mwezi, kwa sababu asilimia 20 ya 1,200,000 ndiyo hiyo 240,000. Na ile 17,000 ya bei kuzidi? Nilimuuliza. Akasema hata mpango wa ghali hauilipi.