Kware wa Bukavu hawatagi vizuri

“Niko Kadutu, nina kware majike 40 wa miezi mitatu katika vizimba. Nawapa chakula cha kuku wa mayai, lakini nikiokota sana ni mayai 15 kwa siku. Niuze nyama yote niache?”

Usiwachinje kwanza, ndugu. Umri wao ndio wa kutaga. Naona mambo mawili.

La kwanza ni mwanga. Kware anataka saa 14 hadi 16, na kwetu jua linatoa 12 tu. Umeme nao unakatika, basi washa taa ndogo ya sola kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, kila siku, bila kuruka.

La pili ni chakula. Cha kuku kina protini kama asilimia 16, kware anahitaji karibu 20. Mimi nachanganya kilo 9 na kilo 1 ya samaki wadogo sambaza waliokauka vizuri, waliosagwa. Wakiwa na ukungu, watupe.

Ngoja wiki tatu. Majike 40 wanakula kama kilo moja kwa siku na wanapaswa kutoa mayai 30 hivi. Gawanya bei ya kilo hiyo kwa 30, ujue kila yai limekula faranga ngapi. Kwa mayai 15, gharama hiyo inakuwa mara mbili. Hapo ndipo unapopoteza.

Kabla ya kuongeza ndege, pata mgahawa mmoja au majirani wanaochukua kila wiki. Madume wachinje kwa nyama. Mayai ya kula hayawahitaji.

Wakianza kufa ghafla au kuharisha, muite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.