Sina digrii, kwenye intavyuu nionyeshe nini?

Nimejifunza kuprogramu mwenyewe na nina projekti kama saba hivi. Nionyeshe zote?

Onyesha moja, ile iliyokutoa jasho. Tuseme una duka la mtandaoni linalolipwa kwa M-Pesa kupitia Daraja, ile API ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa, basi achana na rangi na vitufe, nenda moja kwa moja kwenye malipo maana anayekuhoji anajua hapo ndo watu wengi hukwama. Mteja anaweka PIN kwenye simu, halafu majibu yanakuja kwenye seva yako baadaye, na usitegemee yatafika mara moja tu, yanaweza kuja mara mbili au yasije kabisa. Kama unapunguza stoo kila yakifika, mteja kanunua sufuria moja na stoo yako imepungua mbili. Waeleze ulivyoziba:

```sql
INSERT INTO malipo (checkout_request_id, kiasi)
VALUES ($1, $2)
ON CONFLICT (checkout_request_id) DO NOTHING;
```

Safu ya `checkout_request_id` lazima iwe `UNIQUE`, na stoo inapungua pale tu mstari mpya umeingia, vyote ndani ya transaksheni moja. Alafu tuma jibu lilelile mara mbili kwa `curl` mbele yao, waone stoo imepungua mara moja. Hapo hakuna atakayeuliza ulisoma chuo gani, ataanza kukuuliza maswali ya kazi.

Yale majibu yasipofika kabisa bado sijashughulikia. Ninyamaze?

Usinyamaze, liseme kabla hawajaliona. Sema hivi: "Oda kama hiyo kwa sasa inabaki inasubiri tu. Ningeandika kazi ya kila baada ya dakika chache iulize hali yake kwa `stkpushquery`, sijaijenga bado." Umetaja pengo, madhara yake na pa kuanzia. Ukisema tu "sijui" bila hayo mawili ya mwisho unawaacha wakisie, na watakisia vibaya.

Je wakiuliza indeksi ya databesi inafanyaje kazi ndani na mi najua kuitumia tu?

Onyesha mpaka wako ulipo. "Niliweka indeksi kwenye namba ya simu, nikaangalia kwa `EXPLAIN`, jedwali likiwa dogo Postgres iliendelea na `Seq Scan`, nilipojaza data nyingi ikahamia `Index Scan`. Inavyopangwa ndani sijasoma." Jibu hilo linaonyesha umepima mwenyewe, na mimi ningelichukua kuliko maelezo ya kukariri yanayovunjika kwenye swali la pili.

Sehemu kubwa ya kodi niliifuata kwenye video. Niseme?

Sema, na uonyeshe ni ipi uliyobadilisha. Watakwambia "ongeza kurudisha pesa hapa, sasa hivi", kama huwezi kuigusa bila video basi hiyo projekti itoe kwenye sivii.

Fomu inalazimisha digrii.

Jaza elimu yako ya kweli. Kuna kampuni zinachuja hapo hapo na projekti yako haitafunguliwa, hizo ziache, tafuta zile zinazotoa jaribio la kuandika kodi kwanza.