Ra 0.4 kwenye shafti

"Mchoro wa shafti una alama ya tiki yenye mstari juu, imeandikwa Ra 0.4, leithi inatosha au lazima nisage?"

Mkuu habari. Angalia kwanza ni Ra kweli sio Rz, maana Rz 0.4 ni laini zaidi sana. Mstari wa juu unadai chuma kiondolewe kwa mashine. Leithi yangu hunipa 1.6, nikijitahidi 0.8, kwahiyo hapo saga tu. Safisha jiwe upya kwa almasi, uipitishe taratibu, pasi ya mwisho kata mikroni 5 hivi, halafu acha jiwe lizunguke bila kuongeza kina mpaka cheche ziishe. Kama hapo inakaa oili sili, liingize jiwe moja kwa moja bila kulitembeza pembeni, mi niliwahi kuacha vimistari kama nyuzi za skrubu, kipimo kilisoma 0.4 vizuri tu lakini mafuta yakavuja.