Damu imerudi siku ya tisa

"Nilijifungua siku tisa zilizopita, nikashonwa. Damu ilikuwa imepungua, jana ikarudi nyekundu. Nyuzi bado zinauma. Niko Nyalenda, Kisumu."

Pole dada, na hongera kwa mtoto. Jana ulibeba maji au kufua? Damu ikishageuka kahawia, kazi nzito inaweza kuirudisha nyekundu. Leo lala, vaa pedi mpya, uangalie saa. Ikipungua ukipumzika, huenda ilikuwa kazi tu. Lakini pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, yakitoka mabonge makubwa kama yai, au ukihisi kizunguzungu, usingoje kukuche. Huenda kipande cha kondo kimebaki ndani. Nenda hospitali hata usiku, usiende peke yako.

Maumivu ya nyuzi yanapaswa kupungua siku baada ya siku. Ukitoka chooni jioshe kwa maji safi, kausha bila kusugua, na usitie dawa za kienyeji pale. Yakizidi, pakiachia au kutoa usaha, damu ikinuka vibaya, au ukipata homa, nenda siku hiyo hiyo. Kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, nenda mara moja: presha hupanda hata baada ya kujifungua.