Kugeuza maandishi ya profesa kuwa zoezi la kikundi la dakika 20: mfano wa malakiti na asidi

Swali: «Mwalimu, salamu kutoka Lubumbashi. Mimi ni mwanafunzi wa metalujia na wenzangu wamenichagua niongoze kikundi chetu cha kusoma. Wao ni kumi na wawili na tunapata dakika 20 tu kabla ya somo la mchana. Profesa ametupa silabusi ya kurasa 11 kuhusu kutoa shaba kwenye mawe kwa asidi. Kila mara ninayasoma maandishi kwa sauti, wenzangu wanaandika, wakati unakwisha. Nifanye namna gani ili yawe zoezi lenye maswali na majibu?»

Jibu:

Ndugu, anza kwa kuziacha kurasa kumi kati ya hizo 11. Dakika 20 zinatosha wazo moja, nalo liwe lile ambalo mtu anaweza kulisoma mara tatu, akadhani amelielewa, kisha akakosea kwenye mtihani. Wazo la namna hiyo mara nyingi hujificha mahali ambapo profesa ameandika «kwa hiyo» au «inaonekana wazi», kwa sababu hapo ndipo aliporuka hatua ambayo kwake ni nyepesi. Pitia silabusi na kalamu mkononi, zungushia maneno hayo, na kila unapoyakuta jiulize kama wewe mwenyewe unaweza kuandika hatua iliyorukwa. Pale unapokwama ndipo zoezi lako lilipo.

Sijaiona silabusi yako, lakini somo hili ninalifahamu, na mahali pa kukwama karibu kila mwaka ni palepale. Maandishi husema kwamba asidi huyeyusha malakiti, kisha kurasa chache mbele husema kwamba elektrolisisi huitoa shaba na kuirudisha asidi, na mahali pengine husema kwamba mawe yenye dolomiti «hula» asidi. Sentensi hizi tatu zinakaa mbali mbali, na mwanafunzi huzihifadhi kila moja peke yake. Swali linaloziunganisha ni hili: kiwanda kinanunua asidi kwa ajili ya nini hasa, ikiwa ile iliyoyeyusha shaba inarudi? Huku kwetu Katanga swali hilo si la darasani tu, kwa kuwa shaba nyingi imo katika miamba ya dolomiti.

Kwenye karatasi ya kikundi andika milinganyo mitatu tu, uhakikishe kwanza kwamba imesawazika:

```
Cu2CO3(OH)2 + 2 H2SO4 -> 2 CuSO4 + CO2 + 3 H2O
CaMg(CO3)2 + 2 H2SO4 -> CaSO4 + MgSO4 + 2 CO2 + 2 H2O
2 CuSO4 + 2 H2O -> 2 Cu + O2 + 2 H2SO4
```

Chini yake weka masi za moli, ili mtu asipoteze dakika nne kuzitafuta: malakiti 221.1, dolomiti 184.4, asidi 98.08, shaba 63.55. Kuzihesabu masi hizo ni kazi ya siku nyingine. Kisha andika kisa kifupi: tani moja ya mawe ina shaba asilimia 3, yote ikiwa katika malakiti, na ina dolomiti asilimia 10. Sehemu iliyobaki haimenyuki na asidi.

Wagawe wenzako katika vikundi vitatu vya watu wanne. Wakiwa sita pamoja, wawili watakaa kimya hadi mwisho, na hutawaona.

Kazi ya kwanza ni ya dakika 3, bila kuhesabu lolote: katika tani hiyo, kipi kitatumia asidi nyingi zaidi, malakiti au dolomiti? Kila mtu aandike herufi M au D kwenye karatasi yake kabla ya mtu yeyote kusema neno, kisha wote wainue karatasi pamoja. Usiruke hatua hii ya kuandika kwanza, kwani yule anayejulikana kuwa hodari akisema jibu lake, wengine watalifuata, na wewe hutajua nani alikuwa anafikiri nini. Wengi watachagua M, kwa kuwa asidi waliisikia mara ya kwanza pamoja na shaba. Usiwasahihishe. Waache na dau lao.

Nikutolee tahadhari kutokana na kosa langu mwenyewe. Nilipoliandaa zoezi hili mara ya kwanza niliweka dolomiti asilimia 5, na nikaongeza chaguo la tatu, «karibu sawa». Hesabu ilitoa kilo 46.3 upande mmoja na kilo 53.2 upande wa pili, na kikundi kikatumia dakika zote kubishana kama tofauti ya kilo saba ni «karibu» au si karibu. Mabishano yalikuwa matamu, lakini hayakuwa juu ya kemia. Tangu hapo huchagua tarakimu zinazotoa jibu lisilo na mashaka, nami huzihesabu zote kabla ya kuandika swali.

Kazi ya pili ni ya dakika 9. Katika kila kikundi, wawili wahesabu asidi ya malakiti na wawili wahesabu asidi ya dolomiti, kisha kila jozi ieleze njia yake kwa jozi nyingine. Anayesikiliza ndiye anayeandika. Mgawanyo huu unamlazimu kila mtu kusema, maana hakuna jozi yenye jibu zima. Majibu ni haya. Tani moja yenye asilimia 3 ina kilo 30 za shaba. Kila moli ya shaba inahitaji moli moja ya asidi, kwa hiyo 30 × 98.08 ÷ 63.55 inatoa kilo 46.3. Dolomiti ni kilo 100, na kila moli yake inahitaji moli mbili za asidi, kwa hiyo 100 × 2 × 98.08 ÷ 184.4 inatoa kilo 106.4. Waliochagua M sasa wanaona wenyewe walipopotea.

Karatasi yako ya majibu isiishie kwenye jibu sahihi. Andika pia majibu ya makosa, pamoja na chanzo cha kila moja, kwa sababu hayo ndiyo yatakayokuwezesha kusaidia bila kueleza somo zima upya. Ukiona jozi imepata kilo 23.2 kwa malakiti, imesahau namba 2 iliyo mbele ya asidi. Ukiona 26.6, imezichukua kilo 30 za shaba kana kwamba ni kilo 30 za malakiti, ilhali malakiti yenye shaba hiyo ni kilo 52.2. Ukiona 53.2 kwa dolomiti, tena ni ile namba 2 iliyosahauliwa. Hapo huhitaji kutoa jibu. Gusa mlinganyo kwa kidole, uulize: «Moli ngapi za asidi kwa moli moja ya jiwe?», na wenye 26.6 uwaulize: «Kilo 30 hizo ni za nini?» Kisha ondoka uende kwenye kikundi kingine, kwani ukibaki umesimama watakungoja useme.

Kazi ya tatu ni ya dakika 5, na ndiyo iliyokuleta hapa. Shaba yote imetolewa kwa elektrolisisi. Kwa tani ya pili inayofanana na ya kwanza, kiwanda kinunue kilo ngapi za asidi mpya? Jibu ni kilo 106.4. Kilo 46.3 zilizoyeyusha malakiti zimezaliwa upya katika mlinganyo wa tatu, lakini zilizoingia katika dolomiti zimebaki katika salfeti za kalsiamu na magnesiamu, na hazirudi. Atakayesema 152.7 amejumlisha tu na kusahau elektrolisisi. Atakayesema sifuri amedhani elektrolisisi inarudisha kila kitu, na huyu mwulize ni metali gani inayokwenda kwenye kathodi: ni shaba peke yake, magnesiamu inabaki kwenye maji. Majibu haya mawili yakijitokeza ndani ya kikundi kimoja, waache wenyewe wabishane dakika nzima.

Pengine atatokea mmoja atakayepinga kwamba kiwandani hairudi asidi yote ya shaba. Ana haki. Sehemu ya maji yenye asidi na shaba hubaki katika makapi hata baada ya kuyaosha, na mengine huondolewa makusudi ili chuma na uchafu mwingine usijae. Andika jambo hili kwenye karatasi yako mapema, katika sentensi moja, ili useme kwamba 106.4 ni hesabu ya mlinganyo, na kwamba kiwanda hununua zaidi ya hapo. Usilifanye kuwa kazi ya nne.

Dakika 3 za mwisho ni za kimya. Kila mtu afunike karatasi na aandike sentensi mbili akieleza kwa nini dolomiti inakigharimu kiwanda asidi nyingi kuliko malakiti. Mjadala wenu bila shaka utakuwa kwa Kiswahili, na iwe hivyo, lakini sentensi hizi ziandikwe kwa Kifaransa ikiwa mtihani ni kwa Kifaransa, kwani nimeona wengi wanaoeleza vizuri kwa mdomo na kukwama wanaposhika kalamu.

Kuhusu muda, fanya zoezi lote wewe mwenyewe kwanza ukitazama saa. Kazi inayokuchukua dakika 3 itawachukua wao karibu 9, kwa sababu wanasoma swali kwa mara ya kwanza na wanapaswa kupatana. Ukizidi kipimo, punguza tarakimu au wape malakiti ikiwa imeshahesabiwa, lakini kazi ya tatu usiiguse. Mtu mwingine ashike saa, si wewe. Na andaa kila kitu kwa karatasi na chaki, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi ya pili, simu yenye majibu na mashine ya kuonyesha ukutani havitakuokoa.

Jambo la mwisho ni la kabla, wala si la baada: mwonyeshe asistenti wa somo karatasi ya majibu siku moja mapema. Baadhi ya maprofesa huandika mlinganyo wa dolomiti wakiweka jasi yenye maji, `CaSO4·2H2O`, na hapo upande wa maji wa mlinganyo hubadilika ingawa asidi inabaki ileile moli mbili. Asipokuambia yeye, atakuambia mwenzako mmoja mwenye silabusi wazi mbele yake, tena katika dakika ya saba.