Wifi, kabla hujalipia benki ya damu ya kitovu

Wifi yangu yuko Dubai, ana mimba ya miezi saba, juzi kanitumia voisi noti ndefu eti kuna kampuni inamwambia alipie watunze damu ya kitovu cha mtoto, iwe "bima yake ya maisha", kaniuliza mimi sababu sisi tuliifanya huku Uingereza. Nimemjibu kwa sauti dakika kumi na moja, bora niandike tu maana mtauliza wengi.

Cha kwanza, sisi hatukutunza kwa ajili ya mtoto anayezaliwa. Tulitunza kwa ajili ya kaka yake, ana sikoseli. Watu wanachanganya hapo. Ile damu ina seli shina, zile zinazotengeneza damu, kama zile za kwenye uboho wa mifupa, ndo maana inatibu magonjwa ya damu: leukemia, sikoseli, thalasemia, na baadhi ya magonjwa ya kinga ya kuzaliwa. Tiba hiyo kwa mara ya kwanza kabisa ilifanyika Paris mwaka 1988, mtoto wa kiume mwenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi wa damu, alipewa damu ya kitovu cha mdogo wake. Ya mdogo wake, sio yake. Maana ukiwa na ugonjwa wa kurithi damu ya kitovu chako mwenyewe inao ugonjwa ule ule, sasa itakusaidia nini?

Sisi tulimwambia daktari wa sikoseli mapema, mimba ikiwa bado changa, akaandika barua, mambo yakapangwa kabla uchungu haujaanza. Fomu nilisaini nikiwa na akili zangu timamu, na walinitoa damu kupima HIV, homa ya ini na kaswende, maana damu yenye maambukizi hawaiweki kienyeji na nyingine. Ukisubiri hadi uko leba umechelewa.

Siku yenyewe mimi sikusikia chochote, mtoto hasikii chochote. Mkunga alisubiri zaidi ya dakika moja ndo akabana na kukata kitovu, ili mtoto apate damu yake kwanza. Kadiri unavyosubiri ndivyo inayobaki kwenye kondo inavyopungua, hilo nilijua na nilikubali, usikubali mtu abane haraka ili mfuko ujae, damu ile ina madini ya chuma ya mtoto wako. Kondo lilipotoka mume wangu akafuatana nalo chumba cha pembeni (mimi niliona picha tu), likawekwa kwenye stendi kitovu kinaning'inia chini, wakakisafisha kwa dawa, sindano ikaingia kwenye ule mshipa mnene, damu ikashuka yenyewe kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia isigande, huku dada anautikisatikisa taratibu. Dakika chache tu kitovu kikawa cheupe kimesinyaa, ndo mwisho wake. Tulipata mililita 70, hata kikombe kidogo cha chai hakijai.

Baada ya hapo mfuko unaenda maabara, wanahesabu seli, wanapima, halafu wanagandisha kwenye nitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri.

Sasa majibu. Ndugu wa baba na mama mmoja nafasi ya kufanana kabisa kwa zile alama za HLA, ambazo mwili unazitumia kutambua seli zake na za wengine, ni moja kwa nne, na sisi wazazi wote tuna AS, yaani tumebeba sikoseli bila kuugua, kwa hiyo binti naye angeweza kuzaliwa na SS, yaani mgonjwa, hapo damu yake isingefaa; nafasi ya kutokuwa SS ni tatu kwa nne. Ukizidisha zote inabaki kama 3 kwa 16. Binti kaja AS, kafanana na kaka yake kabisa, nililia kwenye simu jamani.

Halafu daktari akaleta hesabu nyingine. Inatakiwa angalau seli milioni 25 kwa kila kilo ya mgonjwa. Kijana ana kilo 24, yaani milioni 600, mfuko wetu una milioni 480, na kuyeyusha kunapoteza nyingine. Na kijana anakula ugali kila siku, anaongezeka! Seli zikiwa chache damu mpya inachelewa kushika au haishiki kabisa, na hata zikitosha inachukua kama mwezi hivi, muda wote huo kijana kashachomwa kemo, ile dawa kali ya kuondoa uboho wake wa zamani, hana kinga. Kwa hiyo mpango ni kusubiri binti akue kidogo watoe na uboho wake kiasi, wachanganye na ule mfuko. Kemo yenyewe inaweza kuharibu uzazi wa kijana huko mbele, hilo bado tunaongea mimi na baba yake usiku watoto wakilala.

Wifi nilimuuliza swali moja tu: kuna mtoto nyumbani, au ndugu wa huyu anayekuja, mwenye ugonjwa wa damu? Akasema hamna. Basi nikamwambia hela hiyo anunue kiti cha gari cha mtoto, na aulize kama hospitali yake inapokea damu ya kuchangia benki ya umma.