Kukimbia wakati wa joto la Kaskazi

"Nakimbia Maisara saa tisa mchana. Maji nakunywa, lakini siku hizi nikimaliza kichwa kinauma na nahisi kichefuchefu. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, hizo ni dalili za awali za mwili kuzidiwa na joto, na maji pekee hayazizuii. Jasho hupoza mwili linapokauka juu ya ngozi. Hewa yetu ikijaa unyevu, jasho hudondoka tu na joto hubaki ndani. Kwa hiyo hamishia mazoezi baada ya sala ya alfajiri, na kwa wiki mbili za mwanzo kimbia polepole, ukipumzika kivulini.

Jipime uzito kabla na baada, bila ya nguo zilizolowa. Ukianza na kilo 70, ukanywa nusu lita njiani na ukamaliza na kilo 69, umetoa jasho la takriban lita moja na nusu. Rejesha maji hayo kidogo kidogo pamoja na chakula chenye chumvi, wala usiyabugie kwa mkupuo, kwani maji mengi kupita kiasi huishusha chumvi ya damu, jambo ambalo nalo ni hatari.

Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu au vinyweleo kusimka, acha papo hapo, lala kivulini uinue miguu na ujimwagie maji. Usipopata nafuu ndani ya nusu saa, nenda hospitali. Mtu akianza kuweweseka au akianguka, mmwagieni maji baridi mwili mzima bila kukoma huku mkitafuta gari, na msimnyweshe kitu.

Kama unatumia dawa za presha, muone daktari kwanza.